Umeme ukikatika, bomba la maji hufanya nini?

*Mhandisi wa maji aeleza jinsi bomba kuu la kijiji lilivyokuwa likifumuka mahali penye presha ndogo kuliko kote, na swali moja ambalo kila anayesanifu au anayeajiri angepaswa kuliuliza*

Bomba linaloweza kubeba presha ya mita 160 za maji lilikuwa likifumuka mahali ambapo presha yake haizidi mita 16. Hilo ndilo fumbo nililokabidhiwa nilipopelekwa kwenye skimu ya maji ya kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Viungo vilikuwa vikiachia, fundi anafukua, anabadilisha, anafukia, na baada ya wiki chache anarudi hatua chache tu kutoka pale alipofukia. Wengi walishahitimisha kwamba bomba ni bovu. Jumuiya ya watumia maji ilikuwa imeshaandika barua ya kuomba fedha za kununua bomba nene zaidi, na mimi nilitumwa kupima urefu wa kipande cha kubadilishwa.

Nimekuwa mhandisi wa maji kwa muda wa kutosha kusanifu skimu ndogo bila kushikwa mkono, ila bado ni kijana mbele ya wakubwa waliojenga mabomba ya mikoa mizima. Naandika kwa ajili ya wenzangu walio ngazi yangu, na kwa ajili ya wale wanaotuita kwenye usaili na kutuuliza tumejifunza nini kazini. Somo langu ni hili: bomba la kupandisha maji husanifiwa kwa ajili ya pampu inayofanya kazi, lakini huharibika katika sekunde chache zinazofuata baada ya pampu kuzimika ghafla. Na mara nyingi linaloliharibu ni presha kupungua mno kuliko kuzidi.

Skimu yenyewe

Tuanze na umbo lake, maana umbo ndilo lililobeba siri. Kuna kisima kirefu bondeni chenye pampu ya kuzamishwa inayotumia umeme wa gridi. Kutoka hapo bomba la PVC la milimita 110, lililochapwa PN 16 ubavuni, linapanda kwa urefu wa mita 2,400 hadi kwenye tenki la kijiji. Tenki liko mita 85 juu ya kisima. Kutoka kwenye tenki maji yanashuka yenyewe kwenda kwenye vilula.

Lakini bomba halipandi kwa mstari ulionyooka. Kwa mita 1,500 za kwanza linapanda kwa nguvu mpaka kwenye kigongo kilicho mita 78 juu ya kisima. Baada ya kigongo, mita 900 zilizobaki zinakwenda karibu tambarare, zikiongezeka mita 7 tu mpaka tenkini. Ukichora mwinuko huo kwenye karatasi unapata kitu kinachofanana na goti lililokunjwa, na viungo vyote vilivyofumuka vilikuwa kwenye goti au hatua chache kabla yake.

Pampu ikiwa kazini, maji hutembea ndani ya bomba kwa mwendo wa kama mita 1 kwa sekunde, yaani lita 7 na ushei kila sekunde. Msuguano wa urefu wote unakula kama mita 23 za presha. Kwa hiyo pampu inalazimika kusukuma mita 85 za kimo na mita 23 za msuguano, jumla mita 108. Pale kisimani ndipo bomba linapobeba mzigo mkubwa kuliko kote, na hapakuwahi kutokea tatizo. Ukifika kigongoni, umeshapanda mita 78 na kulipa sehemu kubwa ya msuguano, kwa hiyo presha iliyobaki ni mita 15 au 16. Kwa wasiozoea lugha hii, mita 10 za maji ni kama bari 1. Bomba lilichapwa bari 16 na pale lilikuwa na bari moja na nusu. Bomba nene zaidi lingesaidia nini?

Dalili tatu

Kabla ya kupima chochote niliomba kuona madaftari. Mwendesha pampu, dada makini ambaye hajaacha ukurasa hata mmoja wazi, alikuwa akiandika kila siku saa ya kuwasha, saa ya kuzima na usomaji wa mita. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika mambo kama “umeme umeenda saa 8:40 mchana” au “umerudi saa 11, nimewasha”. Hakuna aliyekuwa amemwagiza kuandika hayo. Fundi naye alikuwa na daftari la vipuri lenye tarehe ya kila kiungo alichobadilisha.

Niliyaweka madaftari mawili sambamba juu ya meza. Si kila umeme ulipokatika kiungo kilifumuka, lakini kila kiungo kilichofumuka kilitanguliwa na umeme kukatika siku hiyohiyo au jana yake, pampu ikiwa inafanya kazi. Wiki ambazo umeme haukukatika, daftari la vipuri lilikuwa tupu.

“Dada, ukizima mwenyewe jioni unafanyaje?” nilimuuliza.

“Nafunga koki kwanza, Injinia, taratibu mpaka geji itulie, ndipo nabonyeza kitufe. Aliyenifundisha kazi alinikataza kuzima bila kufunga.”

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko barua yote ya maombi. Kuzima kwa taratibu kila jioni hakukuwa na madhara, na kuzimika kwa ghafla kulifuatiwa na uharibifu.

Dalili ya pili ilitoka shimoni. Fundi alikuwa akifukua kiungo kilichoachia usiku uliotangulia, nami nikamwomba asitoe kitu mpaka tutazame pamoja. Bomba za PVC huunganishwa kwa kuingiza ncha moja ndani ya mdomo wa nyingine, na kati yake hukaa ringi ya mpira ndani ya mfereji wake. Presha kubwa ikiishinda ringi, huisukuma kuelekea nje, upande yanakotokea maji. Hii yetu ilikuwa imechomoka kwenye mfereji ikakunjika kuelekea ndani ya bomba, na sehemu yake ilikuwa ikining'inia ndani ya njia ya maji. Kitu kilikuwa kimeifyonza.

Dalili ya tatu ilikuwa inajulikana na kijiji kizima. Kina mama wa vilula vya mwanzo walizoea kumwaga ndoo za kwanza kila umeme uliporudi, kwa sababu maji yalikuja na rangi ya udongo. Bomba lenye presha hutoa maji kwenye matundu yake. Likiingiza udongo, maana yake kuna wakati linavuta. Na kama linavuta udongo, linavuta pia chochote kilichoko kwenye udongo huo, yakiwemo maji ya vyoo na ya mazizi yaliyo jirani. Hapo ndipo nilipoacha kuliona jambo hili kama tatizo la vipuri, nikaanza kuliona kama tatizo la afya.

Kinachotokea ndani ya bomba

Ndani ya bomba letu mna karibu tani 18 za maji zinazopanda mlima. Umeme ukikatika, pampu ya kuzamishwa husimama upesi mno, pengine ndani ya sekunde moja, kwa sababu sehemu zake zinazozunguka ni nyepesi. Lakini tani 18 hazijui kwamba pampu imesimama. Zinaendelea kupanda kwa kasi ziliyokuwa nayo.

Fikiria msururu wa watu walioshikana mikono wakipanda kilima. Wa mwisho kabisa akisimama ghafla, wa mbele hajui lolote mpaka mvuto umfikie kupitia mikono ya walio katikati, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo habari ya kusimama kwa pampu inavyosafiri. Ni wimbi la presha pungufu linalopanda bombani, na kila mahali linapopita maji husimama na presha hushuka.

Kiasi cha kushuka huko kilishafahamika zamani. Nikolai Zhukovski, mwanasayansi Mrusi anayejulikana zaidi kwa kazi zake za usafiri wa anga, alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya jiji la Moscow na kuchapisha matokeo mwaka 1898. Kanuni yake ni fupi:

```
Δh = a × Δv / g
```

Hapa Δv ni badiliko la mwendo wa maji, g ni mvuto wa dunia, yaani 9.81, na a ni kasi ya wimbi lenyewe ndani ya bomba. Hiyo a inategemea ugumu wa bomba. Kwenye PVC ya unene wa kwetu ni kama mita 400 kwa sekunde. Kwenye chuma hufika mita 1,000 na zaidi. Maji yetu yalikuwa na mwendo wa mita 1 kwa sekunde yakasimama, kwa hiyo presha inashuka kwa 400 × 1 ÷ 9.81, ambayo ni kama mita 41.

Sasa lifuate wimbi hilo. Kisimani presha ilikuwa mita 108, ikitolewa 41 inabaki 67, na bomba liko salama. Wimbi linapanda mita 1,500 na kufika kigongoni baada ya karibu sekunde 4. Pale presha ilikuwa mita 16. Ukitoa 41 unapata mita 25 chini ya sifuri. Jibu hilo haliwezekani. Maji hayawezi kuvutwa chini ya uzito wa hewa inayotuzunguka, ambao kwenye mwinuko wa skimu ile ni sawa na mita 8.5 hivi za maji. Yakifika hapo hukatika. Mikono ya wale watu wa mlimani inaachiana. Pande mbili za maji zinatengana na kati yake panabaki uwazi uliojaa mvuke, bomba likifyonza kwa nguvu yote hewa, udongo na maji machafu kupitia kila kiungo kilicholegea.

Baada ya sekunde chache, maji yaliyoelekea tenkini yanaishiwa nguvu, yanageuka na kurudi. Uwazi unafungwa na pande mbili zinagongana. Mgongano huo nao una presha yake, nayo inafika kwenye ringi ambayo muda mfupi uliopita imevutwa nje ya mfereji wake. Siku moja ringi inastahimili, siku nyingine inakunjika zaidi. Ndiyo maana si kila umeme ulipokatika kiungo kilifumuka.

Hapo pia unaona kwa nini bomba nene lisingetibu. Bomba likiwa gumu zaidi, kasi ya wimbi huongezeka, na presha hushuka kwa kiasi kikubwa zaidi. Tungebadilisha urefu wote kuwa chuma, kwa mwendo uleule wa maji, mita 41 zingegeuka kuwa zaidi ya 100. Tungekuwa tumelipa fedha nyingi kulikuza tatizo.

Kipimo kinachoona sekunde

Hesabu ya karatasi haikunitosha kuishawishi jumuiya iache ombi lake la fedha. Nilihitaji kipimo, na hapa kuna jambo ambalo wenzangu wengi wanaweza kulipita. Geji ya kawaida yenye mshale ilikuwepo kisimani miaka yote na haikuonyesha kitu. Vifaa vya kurekodi presha tunavyotumia kutafuta upotevu wa maji navyo vingeonyesha mstari ulionyooka, kwa sababu mara nyingi hupangwa kusoma mara moja kila dakika 15. Tukio letu zima linaisha ndani ya dakika moja.

Tuliazima kifaa kinachosoma presha mara 100 kwa sekunde, chenye kitambuzi kinachoweza kusoma chini ya sifuri. Sharti hilo la pili ni la lazima, maana vitambuzi vingi huishia kwenye sifuri na vitakuambia presha “imefika sifuri” wakati bomba linafyonza. Tulikifunga kigongoni, kwenye tundu la vali ya hewa ya zamani, kisha tukasubiri umeme ukatike wenyewe. Haukuchelewa.

Mchoro uliotoka ulifanana sana na hesabu. Presha ilikuwa imetulia kwenye mita 15. Ikaporomoka, ikafika mita 8 chini ya sifuri, ikanyooka hapo kwa sekunde kadhaa kama iliyochorwa kwa rula. Huo mstari ulionyooka chini ndio alama ya maji kukatika, kwa sababu presha haina pengine pa kushukia. Kisha ukaja mruko mkali wa kwenda juu, ukafuatwa na mawimbi yanayopungua mpaka kutulia kwenye mita 7, ambayo ni tofauti ya kimo kati ya tenki na kigongo.

Niliuchapa mchoro ule na kuupeleka kwenye mkutano wa jumuiya. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, aliutazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini. “Kwa hiyo hapa, mwanangu, tunakunywa shamba,” akasema. Ombi la bomba nene liliondolewa siku hiyo.

Kuchagua tiba

Kila kinga ya bomba ina jambo inalotibu na jambo isiloligusa, na kuchagua vibaya ni rahisi kuliko kutochagua kabisa.

Wa kwanza walipendekeza kifaa cha kuwasha na kuzima mota polepole. Ni kifaa kizuri, hulinda mota na hulainisha kuwasha na kuzima kwa kawaida. Lakini kinaendeshwa na umeme uleule. Umeme ukikatika, hakina cha kulainisha. Mwendesha pampu wetu alikuwa tayari anafanya kazi yake kwa mkono kila jioni.

Wengine walitaja vali ya kupunguza presha, ile inayofunguka presha ikizidi. Yetu ilikuwa ikipungua, kwa hiyo ingekaa imefungwa wakati wote wa hatari.

Pendekezo lililokuwa na hoja zaidi lilikuwa kuweka kigongoni vali kubwa ya hewa, badala ya ile ndogo iliyokuwepo ambayo kazi yake ni kutoa mapovu tu. Vali kubwa hufunguka presha ikishuka, ikaingiza hewa na kuzuia bomba kufyonza kwenye viungo. Ni kinga halali na ya bei nafuu. Ina masharti mawili. Hewa iliyoingia lazima itoke polepole, maana ikitoka kwa kasi maji hugongana pale palipokuwa na hewa, na pigo linaweza kuwa baya kuliko la mwanzo. Pili, chemba yake lazima iwe kavu daima. Kigongo chetu kina udongo wa mfinyanzi, na wakati wa masika chemba ile hujaa maji. Vali ingeyafyonza hayohayo.

Kwa skimu kubwa jibu la kwanza la wasanifu wengi ni tangi la chuma lililofungwa, lenye maji chini na hewa iliyobanwa juu, linalowekwa karibu na pampu. Pampu ikizimika, hewa ile inaendelea kusukuma maji mpaka yapungue mwendo taratibu. Lingetufaa pia, ila linahitaji mtu wa kukagua kiasi cha hewa mara kwa mara na vipuri ambavyo wilayani kwetu havipo.

Tulichochagua kinaitwa tenki la njia moja. Ni tenki la kawaida lililo wazi juu, limefunikwa, limesimama kigongoni kwenye kinara cha mita 3. Limeunganishwa na bomba kuu kupitia vali ya kuzuia maji kurudi, iliyogeuzwa ili maji yatoke tenkini kwenda bombani tu. Pampu ikiwa kazini, presha ya bomba ni kubwa kuliko ya tenki na vali imefungwa. Presha ikiporomoka chini ya usawa wa maji ya tenki, vali hufunguka na maji safi hujaza pengo kabla halijawa pengo. Bomba linapewa maji badala ya kuachwa livute udongo.

Hesabu ya ukubwa wake ilinifurahisha. Maji yanayoelekea tenki la kijiji yanahitaji kulipiwa umbali yanaosafiri mpaka yasimame, ambao kwa skimu hii ni mita zisizozidi 8 za bomba, kama lita 55. Upande wa chini, kuelekea pampu, bomba nalo linahitaji kujazwa tena baada ya presha kushuka, na hizo ni kama lita 40. Jumla haifiki lita 100. Tuliweka tenki la lita 1,000 kwa sababu ndilo linalouzwa madukani na linatuachia akiba umeme ukikatika, ukirudi na kukatika tena kabla tenki halijajaa. Gharama ya tenki, kinara, vali na viungio ilikuwa sehemu ndogo tu ya lile ombi la bomba.

Mambo mawili ya usanifu yanahitaji uangalifu. Bomba linalounganisha tenki na bomba kuu linapaswa kuwa fupi na lenye kipenyo kilekile cha milimita 110. Ukiweka la nusu inchi ili kuokoa fedha, maji yatafika yakiwa yamechelewa, na pengo litakuwa limeshatokea. La pili ni kimo. Usawa wa maji ndani ya tenki dogo lazima uwe chini ya usawa wa tenki la kijiji, la sivyo pampu ikisimama litamwaga maji yake yote kuelekea kijijini na siku ya hatari litakuwa tupu. Letu liko kwenye mita 82, la kijiji liko kwenye 85.

Kuzima kwa makusudi

Kinga isiyojaribiwa ni dhana. Tulirudisha kifaa cha kurekodi kigongoni, fundi akasimama kando ya tenki dogo, mwendesha pampu akiwa kwenye swichi kuu na simu sikioni. Pampu ikiwa imetulia kwenye mwendo wake wa kawaida, akakata umeme bila kufunga koki.

Fundi alisikia vali ikigonga kufunguka na kuona usawa wa maji ukishuka kidogo kwenye tenki. Kwenye kumbukumbu ya kifaa, presha ya kigongo ilishuka lakini haikugusa sifuri. Ilibaki mita moja au mbili juu yake, kisha ikapanda na kushuka kwa mawimbi mapana yaliyopoa yenyewe. Kisimani presha ya juu kabisa haikuzidi sana ile ya pampu ikiwa kazini. Msimu mzima wa masika ulipita baada ya hapo, wakati ambapo umeme hukatika mara nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na hakuna kiungo kilichofumuka kigongoni. Maji ya udongo kwenye vilula yalikoma pia.

Kinga hii ina mipaka na niliiandika kwenye taarifa ya kukabidhi. Vali ile ikikwama ikiwa imefungwa, hakuna atakayejua mpaka kiungo kingine kifumuke, kwa hiyo kila mwezi fundi anaifungua, anaisafisha na kuijaribu. Maji yaliyokaa tenkini hupoteza klorini, kwa hiyo siku hiyohiyo tenki linamwagwa na kuoshwa. Boya linalojaza tenki likiharibika, tenki litakuwa tupu au litamwaga maji usiku kucha. Na tenki hili linalinda goti hili tu. Skimu ikiongezewa pampu kubwa zaidi, mwendo wa maji utaongezeka na hesabu yote inapaswa kurudiwa.

Kwa wenzangu na kwa wanaoajiri

Mhandisi mwenzangu, ukitaka kuonyesha kazi kama hii kwenye usaili, usiseme tu kwamba ulisimamia mradi wa maji. Beba mchoro mmoja. Uwe na mwinuko wa bomba, juu yake mstari wa presha pampu ikiwa kazini, na mstari mwingine wa presha ya chini kabisa pampu ikizimika. Pale mstari wa pili unapopita chini ya bomba lenyewe ndipo pa kufanyia kazi. Pembeni weka vipimo vya kabla na baada. Anayejua atauelewa ndani ya dakika moja, na ataona pia ni sehemu gani ulifikiri mwenyewe.

Na kwa anayetafuta mhandisi wa mabomba: mpe mwombaji mchoro wa bomba lenye goti kama letu, kisha muulize presha ya chini kabisa itakuwa wapi umeme ukikatika sasa hivi. Atakayeanza kuzungumzia unene wa bomba ameangalia upande mmoja. Atakayekuuliza kwanza urefu, mwendo wa maji, aina ya bomba na kimo cha kila sehemu ya juu, huyo ameshakutana na tatizo hili au ana njia ya kulifikiria. Kisha muulize angejuaje kwamba amekosea hesabu. Jibu zuri litataja kifaa cha kupimia, kasi yake ya kusoma na mahali pa kukifunga.

Kwa waandaaji wa zabuni nina ombi la sentensi moja tu, nayo inaweza kuingia kwenye masharti ya usanifu wa bomba lolote la kupandisha maji bila kubadilisha kingine chochote: “Msanifu ataonyesha kwenye mchoro presha ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa urefu wote wa bomba, pampu zote zikizimika kwa pamoja ghafla, na ataeleza kinga aliyoichagua na jinsi itakavyojaribiwa siku ya makabidhiano.” Kufanya hesabu hiyo kwa skimu ya kijiji ni kazi ya siku chache mezani. Kwenye mradi huu iliizuia jumuiya kununua bomba ambalo lisingeiponya, na ikayatoa maji ya shambani kwenye ndoo za watu.